Shusheni hizo picha, bibi hazioni

Wale mnaofuata huu mfululizo wangu wa mambo ya nyumbani mnakumbuka nilisema nikimaliza habari za vitanda vya wazee nitaingia sebuleni. Leo tunaingia, na tunaanza na picha za ukutani. Najua mtauliza nesi na fremu za picha wapi na wapi. Subirini, mtaona.

(Na nikisema fremu leo, sisemi fremu ya duka. Msije mkaanza kuniuliza kodi ni bei gani.)

Mimi kazi yangu na ndugu zangu vimegawanyika kati ya Handeni na Korogwe, kwa hiyo nyumba za huku nazijua. Nyumba nyingi ninazoingia picha ziko juu kabisa, usawa wa lenta au zaidi, karibu ziguse dari. Zimepangwa mstari mmoja, kila moja iko mita nzima kutoka kwa mwenzake, na zimeinamia mbele kama zinataka kusalimia wageni. Ukitaka kujua aliyemo ni nani, lazima usimame, uinue shingo, na bado kioo kinakurudishia mwanga wa dirisha.

Tulipoutoa huu mtindo nadhani napajua. Ofisini na dukani picha ya Rais inatundikwa juu, tukaona kila picha ya heshima mahali pake ni juu. Halafu kwenye nyumba za miti na udongo msumari haushiki popote isipokuwa kwenye mti, na mti wa uhakika ni ule wa juu unaobeba paa. Kwa hiyo wazee walitundika pale kwa sababu za msingi. Sisi tumejenga kwa tofali za saruji, msumari unashika popote, lakini picha tumeziacha kule kule.

Msimamo wangu ni huu: picha za nyumbani zipangwe kwa ajili ya watu wanaokaa pale, tena wamekaa, siyo kwa mgeni aliyesimama mlangoni. Na zikae pamoja, zionekane kitu kimoja. Nitawaeleza kwa nyumba moja ambayo nilishiriki kuipanga mwanzo mpaka mwisho, nyumba ya shangazi yangu pale Korogwe.

Bibi, yaani mama yake shangazi, alikuwa anakaa Handeni peke yake. Kumbukumbu ilipoanza kumpotea, shangazi akamleta Korogwe. Alikuja na begi la nguo na mfuko wa sandarusi wenye picha. Shangazi naye alikuwa na zake ukutani: ya harusi yake, imekuzwa, na ya binti yake wa kwanza amevaa joho. Basi. Mtoto wake wa pili, ambaye anaendesha bodaboda na ndiye anayemnunulia bibi dawa, hakuwa na picha hata moja pale. Nilimuuliza shangazi, akajibu, "Huyu hajawahi kuvaa joho mwanangu, ningemweka na nini?"

Hapo ndipo kazi ilipoanzia, na nawaomba nanyi muanzie hapo kabla ya kugusa nyundo. Tandikeni mkeka chini, mmwage picha zote mlizonazo, na muulizane nani hayupo. Ukuta wa joho na shela peke yake unasema nyumba hii ina watu siku za sherehe tu. Tukamtafutia kijana picha aliyopigwa na mwenzake asubuhi, amekaa juu ya pikipiki yake, kofia ngumu ameipakata, anacheka. Hiyo ikaingia.

Tukabaki na picha saba. Ya harusi. Mbili za kulala: moja familia nzima mbele ya nyumba ya Handeni, nyingine watoto siku ya Idi. Nne ndogo za kusimama: binti na joho, kijana na pikipiki, wajukuu wawili kwenye ngazi, na babu.

Babu ndiye aliyetusumbua. Picha yake pekee ni ile ndogo ya kitambulisho, alipigwa akiwa kijana, upana sentimita tatu na nusu na urefu nne na nusu. Wengi hapa mnakimbilia studio mnasema, "Nikuzie iwe kubwa kabisa." Inatoka sura ya ukungu, macho yamekuwa madoa. Kakaratasi kale hakana habari ya kutosha kujaza fremu kubwa, na mashine haiwezi kuvumbua kope za babu yako. Mwambieni wa studio aiskani kwa kiwango cha 600, halafu aichape mara mbili ya ukubwa wake, yaani sentimita 7 kwa 9. Kuchapa vizuri kunataka kiwango cha 300, na 600 ukiigawa kwa 300 unapata mara mbili. Ndiyo hesabu yote. Kisha iwekeni kwenye fremu ya 20 kwa 25, katikati, na karatasi nene nyeupe ya kuizunguka pande zote. Ule weupe unaifanya picha ndogo isimame kwa heshima kando ya zile kubwa. Tena unafanya kazi nyingine: unaizuia picha isiguse kioo. Picha iliyogusana na kioo mahali penye unyevu hunata, na siku ukiibandua sura inabaki kwenye kioo.

Jambo la rangi sasa. Picha ya Idi ilikuwa ya filamu ya zamani, imegeuka rangi ya chungwa. Za simu zina ubluu. Ya babu ni nyeusi na nyeupe. Ukiziweka pamoja zinagombana, na macho yanakimbilia kwenye ile yenye shati jekundu hata kama ndiyo isiyo na maana. Aliyewahi kuingia Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, Zanzibar, studio iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na baadaye ikaendeshwa na mwanawe Rohit, atakumbuka jinsi picha nyeusi na nyeupe zinavyoweza kujaa ukutani na bado zikatulia. Nasi tukafanya hivyo. Tukachapa nakala zote saba kwa nyeusi na nyeupe, na tukanunua fremu nyeusi nyembamba za aina moja. Shangazi alinuna kidogo kwa ajili ya shela yake na maua, lakini picha ya rangi bado anayo kwenye albamu.

Ukuta upi? Nyumba ile inasali, na watu wake wanasali sebuleni. Kibla kwetu huku ni upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kaskazini tukauacha mtupu na tukachagua wa kusini, ambao unakuwa nyuma ya mtu anayesali. Kuna familia ambazo hazitaki kabisa picha za watu sebuleni, na hapo mimi sina ubishi. Koridoni panatosha, au albamu. Ukuta wa kusini ulitufaa kwa sababu nyingine pia. Dirisha liko magharibi, na jua la saa kumi halipigi pale moja kwa moja. Kama unataka kujua jua linavyokula picha, fungua fremu iliyokaa miaka karibu na dirisha, uangalie ule ukingo uliofunikwa na mbao. Pale rangi bado ipo, kwingine kote imeondoka.

Unyevu nao uangaliwe. Msiweke picha kwenye ukuta ambao nyuma yake ni bafu, au ukuta wenye rangi iliyovimba na ule unga mweupe unaofanana na chumvi. Huo ukuta unapitisha maji hata kama ukiugusa ni mkavu.

Sasa upangaji wenyewe. Kochi la watu watatu lina urefu wa mita mbili, na mgongo wake uko sentimita 90 kutoka sakafuni. Kundi la picha juu ya kochi linapendeza likiwa karibu theluthi mbili ya urefu wa kochi. Likizidi kochi, linaonekana litaanguka. Likiwa dogo sana, linaonekana limepotea. Theluthi mbili ya mita mbili ni kama sentimita 130. Tukalala chini na futi, kila fremu ikapimwa kwa nje, siyo kwa picha iliyomo.

Ya harusi ilikuwa 40 kwa 55, imesimama. Zile mbili za kulala kila moja 35 kwa 25. Nne ndogo kila moja 20 kwa 25. Tukaacha nafasi ya sentimita 5 kati ya kila fremu na jirani yake. Kushoto tukaweka za kulala, moja juu ya nyingine: 25 na 5 na 25, inakuwa 55. Kisha ya harusi, nayo ina 55. Kulia tukaweka zile nne, mbili juu mbili chini, nazo zikatoa 55. Kwa upana ni 35, 5, 40, 5, halafu 45 ya zile nne pamoja na nafasi yao. Jumla 130. Sitawadanganya, fremu zile zilinunuliwa baada ya kupiga hesabu. Ukinunua kwanza ndipo upige hesabu, unaweza kuhangaika siku nzima.

Mtaona ya harusi haiko katikati kabisa. Iko kidogo upande wa kushoto, na ni sawa, kwa sababu uzito wa ukuta hauko kwenye ukubwa peke yake. Picha yenye giza ni nzito kuliko yenye weupe mwingi. Ile ya Handeni watu wamesimama chini ya mwembe, ina kivuli kikubwa cheusi, inavuta kushoto. Kwa hiyo kulia, kwenye zile nne, tulimweka kijana na pikipiki yake nyeusi kwenye kona ya chini ya nje, na babu na weupe wake tukamweka juu, upande wa ndani, jirani na harusi. Kabla ya hapo tulijaribu kumweka babu kona ya nje, na upande wote wa kulia ukawa mwepesi kama umepaa. Njia ya kujua ni rahisi: panga mkekani, simama juu ya stuli, piga picha kwa simu, kisha igeuze simu juu chini. Sura hazitakushughulisha tena, utaona tu madoa ya giza na mwanga, na utajua upande gani umelala.

Na nyuso ziangalie ndani. Binti kwenye mahafali alikuwa ametazama upande wa kushoto kwake mwenyewe, yaani kulia kwako wewe unayetazama. Tulipomweka kona ya kulia akawa kama anatoka nje ya nyumba. Tukamhamisha safu ya ndani, chini ya babu, naye sasa anawatazama kaka yake na wajukuu.

Kimo. Tuliacha sentimita 20 juu ya mgongo wa kochi ili vichwa visiguse, hivyo chini ya kundi ni 110 kutoka sakafuni na juu ni 165. Katikati inaangukia kwenye 137 na nusu. Jirani aliyepita akasema mbona mmeweka chini hivyo. Mtu mzima akikaa kwenye kiti macho yake yako kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni, na sebuleni tunakaa, hatusimami foleni. Mahali pa kusimama, kama koridoni, katikati ya picha peleka kwenye 145 hadi 150.

Usawa wa kulia na kushoto tulipima kutoka katikati ya kochi, siyo katikati ya ukuta, maana upande mmoja wa ukuta ule una mlango. Picha zinafuata samani iliyo chini yake.

Kwenye misumari ndipo wengi hukosea. Msumari hauingii kwenye mstari wa juu ya fremu. Vuta kile kikulabu au waya wa nyuma kwa kidole kama vile fremu imening'inia, pima kutoka hapo hadi ukingo wa juu. Ya harusi ilikuwa sentimita 6, basi msumari ukaenda 165 toa 6, yaani 159. Ndogo zilikuwa 2 tu. Tulikata magazeti kwa ukubwa wa kila fremu, tukaweka alama ya msumari kwenye gazeti, tukayabandika ukutani kwa gundi ya karatasi, tukaka mbali na kuangalia, ndipo tukapigilia juu ya gazeti na kulichana. Plasta ya saruji inataka msumari wa zege wa inchi moja na nusu na nyundo ya pole pole. Ukiona plasta inamwagika unga na msumari unacheza, usiulazimishe. Toboa kwa drili, weka fisha ya plastiki na skrubu. Fremu kubwa ipe misumari miwili iliyopimwa kwa pima maji, haitapinda kila mlango ukibamizwa.

Kwa nyumba za udongo kama ile ya bibi kule Handeni, gonga ukuta usikilize nguzo ilipo, pigilia ubao mwembamba wa kulala kutoka nguzo hadi nguzo kwa kimo unachotaka, na picha zitundikwe kwenye ubao. Unaweza hata kuupaka rangi ya ukuta.

Kitu kidogo kilichonifurahisha: kata vipande viwili vya kandambili iliyokwisha, vya ukubwa wa kifungo, ubandike nyuma ya fremu kwenye kona za chini. Fremu haitelezi, na hewa inapita nyuma yake. Korogwe kwa joto lile la bondeni hewa hiyo inahitajika.

Ukuta ulipokamilika tulimkalisha bibi kwenye kiti chake, mkabala na kochi, mita mbili na nusu. Shikamoo bibi, unawaona? Akasema anaona dirisha. Kweli, nilikaa mimi kwenye kile kiti, na kutoka pale vioo vya kulia vilikuwa vimebeba dirisha zima. Macho ya bibi yana mtoto wa jicho pia, na mwanga unaomwagika namna hiyo unamziba kabisa. Tukasogeza kiti nusu mita kulia, dirisha likatoka kwenye kioo. Akamtambua shangazi kwenye harusi. Nyumba ya Handeni aliitambua haraka zaidi, akauliza kama mwembe bado unazaa. Babu hakumwona. Sentimita 7 kwa 9, kwa macho yale, kwa umbali ule, haiwezekani.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaotaka ukuta upendeze halafu basi. Ukuta ulikuwa umependeza, na mtu aliyehitaji zaidi picha ile hakuipata. Hatukuharibu mpangilio. Tulichapa babu mwingine, tena wa 15 kwa 20, wa ukungu wa kutosha, maana kwa macho ya bibi ukungu ule hauongezi wala haupunguzi, ukubwa ndio unaosaidia. Tukaiweka bila kioo, peke yake, ukutani kando ya kiti chake, katikati yake sentimita 110, mahali mkono wake unafika. Na tulichagua kwa makusudi babu yule wa ujanani. Mtu anayepoteza kumbukumbu mara nyingi za karibuni ndizo zinazoondoka mwanzo. Ukimwonyesha mumewe akiwa mzee anaweza kukuuliza huyu mzee ni nani, ila yule kijana anamjua.

Yule kijana alimjua. Alimgusa shavuni, akatutajia jina lake la utotoni ambalo hata shangazi alikuwa halijui.

Ile ndogo ya kitambulisho yenyewe iko kwenye bahasha ya karatasi, kabatini, mbali na ukuta wa bafu. Ukutani zinakaa nakala tu.

Wenye kuta za udongo na wenye vyumba vya kupanga ambako mwenye nyumba hataki msumari, niandikieni vipimo vyenu. Nikitoka zamu ya usiku nitawajibu mmoja mmoja.